Mpango wa Mkunga na Sekunde Sitini

Mwezi wa Juni unapokaribia mwisho, watumishi wengi wa umma Tanzania hukaa na wasimamizi wao kuupitia mwaka wa kazi, kwa sababu mwaka wa serikali huanza Julai Mosi. Kwa miaka mingi, tangu 2004, kazi hiyo ilifanywa kwa fomu ya OPRAS, ambayo kwa Kiswahili ilipewa jina refu la Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, kwa kifupi MWAMTUKA. Siku hizi inafanywa kwenye kompyuta, katika mfumo wa PEPMIS. Karatasi imekwenda, kompyuta imekuja, lakini kuna sentensi moja iliyohama nayo bila kubadilika hata nukta. Mtumishi akiulizwa atajiendeleza vipi mwaka ujao, anaandika: "Kuhudhuria mafunzo."

Mafunzo ya nini, yatamfanya aweze nini ambacho leo hawezi, na mtu mwingine atajuaje kwamba sasa anaweza? Sentensi haisemi. Mwaka ukiisha, ushahidi unaowekwa ni cheti, au sahihi kwenye orodha ya mahudhurio. Msimamizi anaweka alama ya vema na kila mmoja anarudi kwenye kazi yake, akifanya yale yale aliyokuwa akiyafanya.

Ukitaka kuona kwa nini cheti hakitoshi, nenda Haydom. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko Mbulu, mkoani Manyara, mbali na miji mikubwa, na ni moja ya sehemu chache duniani ambako watu walikaa chini wakapima kwa makini nini hutokea baada ya semina. Mwaka 2010 wahudumu wa wodi ya wazazi pale walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Mafunzo yenyewe ni mazuri na yanajulikana. Yaliandaliwa na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani pamoja na washirika wake, kwa ajili ya mahali pasipo na mashine nyingi. Kiini chake ni dakika moja ya kwanza: mkaushe mtoto, mpashe joto, msafishe njia ya hewa kama imeziba, msugue mgongo. Asipopumua, aanze kupewa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika hiyo haijaisha.

Miezi saba baadaye wahudumu walipimwa kwa kutumia mwanasesere wa mafunzo. Kabla ya semina, waliofaulu hatua za kumsaidia mtoto asiyepumua walikuwa asilimia 18. Sasa walikuwa asilimia 74. Kwa mtihani wowote wa shule hayo ni matokeo ya kusherehekea. Lakini watafiti walikuwa wamefanya jambo la pili ambalo wengi hawalifanyi. Walikuwa wameweka watu wa kuangalia na kuandika kinachotokea katika chumba cha kujifungulia chenyewe, kwa watoto halisi, usiku na mchana. Huko huduma haikuboreka. Wahudumu wale wale waliofaulu kwa mwanasesere hawakuwahudumia watoto vizuri zaidi kuliko zamani.

Hospitali haikuitisha semina nyingine kubwa. Kuanzia mwaka 2011 iliweka mazoezi mafupi papo hapo wodini: dakika tatu hadi tano kila wiki, kila mhudumu na mwanasesere wake, na kipindi cha dakika 40 hivi mara moja kwa mwezi. Mwaka mmoja kabla ya utaratibu huo ulilinganishwa na mwaka mmoja baada yake, kila mwaka ukiwa na uzazi karibu 4,800 au zaidi kidogo. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ni ulinganisho wa kabla na baada, kwa hiyo mambo mengine yanaweza kuwa yamechangia. Hata hivyo, mwelekeo ulikuwa wazi, na kilichobadilika katika mafunzo kilikuwa wazi pia: somo lilikuwa lile lile, ila sasa lilirudiwa kidogo kidogo pale pale kazini.

Mtu anayeandika mpango wake binafsi wa kujiendeleza ana la kuchukua hapa. Kama Haydom wangeishia kwenye cheti, wangejiona wamefaulu. Kama wangeishia kwenye mtihani wa mwanasesere, wangejiona wamefaulu zaidi. Ni mpaka walipoangalia kazi yenyewe ndipo ukweli ulipojitokeza. Mwaka 1959 mtaalamu wa mafunzo wa Marekani, Donald Kirkpatrick, alianza kuandika juu ya ngazi nne za kupima mafunzo, na bado zinatumika: je, watu waliyafurahia, je, walijifunza, je, wanafanya kazi tofauti, na je, matokeo ya kazi yamebadilika? Mipango mingi ya watumishi haifiki hata ngazi ya pili. Mpango mzuri huandikwa kuanzia nyuma. Kwanza unauliza ni kitu gani kitaonekana kazini nikiwa nimeendelea, halafu ndipo unatafuta lengo, muda na nyenzo zinazolingana na kitu hicho.

Tujenge mfano, na tubaki wodi ya wazazi.

Chukua mkunga mwenye miaka minne kazini, katika kituo cha afya chenye uzazi kama 80 kwa mwezi na wakunga sita wanaopokezana zamu. Mwishoni mwa Juni anaitwa kwa muuguzi mfawidhi, mama mtu mzima aliyeanza kazi enzi za taa ya chemli.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kiti. Leo sikuiti kwa kosa."

Mezani pana rejesta ya wazazi, kitabu namba 12 cha MTUHA, na mafaili kadhaa. Mfawidhi haanzi na alama. Anaanza na watoto watatu wa miezi iliyopita ambao hawakulia walipozaliwa, mkunga huyu akiwa zamu. Wote walipona, wa tatu kwa kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Mafaili yameandikwa kwamba walipewa hewa kwa mfuko, lakini hakuna hata faili moja lililoandika hewa ya kwanza ilitolewa dakika ya ngapi.

"Ulianza baada ya muda gani?"

"Mapema tu, Sista."

"Mapema ni sekunde ngapi?"

Hapo ndipo tathmini inapoanza kuwa na faida. Mkunga hajui, na mfawidhi naye hajui, na hakuna mahali pa kwenda kutazama. Wangeweza kuandika "aongeze umahiri katika huduma ya watoto wachanga" wakaenda kunywa chai. Badala yake wanakubaliana kwamba hatua ya kwanza si lengo, ni kipimo cha mahali alipo. Lengo lisilo na mahali pa kuanzia haliwezi kuonyesha maendeleo. Litaonyesha tu mahali mtu alipofika, bila kujulikana alitoka wapi.

Wiki ya kwanza ya Julai wanaazima mwanasesere kutoka hospitali ya wilaya. Mkunga mwenzake anashika simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Saa inaanza mwili wote wa "mtoto" unapotoka, inasimama kifua kinapoinuka kwa hewa ya kwanza. Angalia kwamba saa haisimami barakoa inapogusa uso. Barakoa ikikaa vibaya, hewa inatokea pembeni ya mashavu, mkunga anaendelea kubonyeza mfuko na kuhesabu, na kifua kimelala pale pale. Kipimo kinachosimama mapema kingempa sifa kwa kazi ambayo mtoto hajafaidika nayo.

Anajaribu mara tano. Sekunde 95, 110, 88, 120, 102. Wastani ni 103, wakati kinachotakiwa ni 60. Katika majaribio matatu kati ya matano hewa ya kwanza haikuinua kifua.

Namba hizo zinaumiza, lakini zina faida kuliko maneno "aongeze umahiri", kwa sababu sasa mtu anaweza kuuliza sekunde zimepotelea wapi. Mwenzake aliyekuwa akitazama anakumbuka vizuri. Sekunde kama 20 mkunga alikwenda kabatini kuchukua mfuko wa hewa, ule ambao wakunga wengi huuita ambu. Sekunde 15 nyingine alikuwa akiunganisha barakoa na kuchagua saizi, namba 1 kwa mtoto aliyetimia, namba 0 kwa njiti. Kisha alinyonya ute mdomoni na puani kwa muda mrefu, ingawa mwanasesere hakuwa na ute wowote. Kunyonya njia ya hewa ni kwa mtoto ambaye njia yake imeziba. Kwa asiyehitaji kunaiba muda. Mwisho kabisa ndipo linakuja tatizo la mkono wenyewe: kichwa kimepinda kuelekea kifuani na barakoa haijashika kidevu.

Hapo mpango wake unagawanyika sehemu mbili, na mgawanyo huu ndio ambao fomu nyingi hukosa. Sekunde 35 za kabatini na za kuunganisha barakoa hazihitaji mafunzo yoyote. Zinahitaji mfuko na barakoa zote mbili viwe vimetandikwa mezani, karibu na taa ya joto, kabla ya kila mama kuanza kusukuma. Ni kubadili mpangilio wa chumba. Mtu akijiandikia mafunzo kwa tatizo la mpangilio, atasoma sana na sekunde zitabaki pale pale. Kilichobaki, kunyonya ute bila sababu na kushika barakoa vibaya, ndicho kinachohitaji mazoezi.

Lengo lake sasa linaandikika kwa sentensi moja: ifikapo tarehe 20 Desemba, katika majaribio kumi ya mwanasesere yaliyofanywa ndani ya wiki mbili, mchana na usiku, kifua kiinuke kabla ya sekunde ya 60 katika majaribio tisa au zaidi. Na la pili, linaloendana nalo: kila mtoto halisi atakayepewa hewa katika zamu yake, faili lake liandike sekunde au dakika ya kuanza.

Msomaji makini atauliza kwa nini lengo lisiwe moja kwa moja vifo kupungua. Si ndicho tunachotaka? Ndicho, na kwa hospitali nzima yenye uzazi maelfu ndicho kipimo sahihi. Kwa mkunga mmoja hakifai, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni hesabu. Watoto wengi hulia wenyewe. Karibu mmoja kati ya kumi huhitaji kukaushwa na kusuguliwa kwa bidii zaidi, na wanaohitaji hewa kwa mfuko ni kama asilimia 3 hadi 6. Kituo cha uzazi 80 kwa mwezi kitaona watoto kama wawili hadi watano hivi, kwa wakunga sita. Mkunga mmoja atapata pengine mtoto mmoja kwa mwezi, na mwezi mwingine asipate. Namba ndogo kiasi hicho hupanda na kushuka zenyewe. Anaweza kuwa hodari na akapoteza mtoto aliyefika hali mbaya. Anaweza kuwa mzembe na mwaka ukapita salama.

Ya pili inaumiza zaidi kuisema. Mtoto anayezaliwa hapumui, halii, amelegea, lakini moyo bado unadunda, anaweza kuandikwa kwa urahisi kwamba alizaliwa mfu. Hilo lilijulikana wazi pale mafunzo haya yalipofanyiwa utafiti katika hospitali nane za Tanzania, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Wengi wangetarajia kwamba watoto waliozaliwa wafu wasipungue kabisa, maana mafunzo yanaanza mtoto akishatoka. Lakini nao walipungua, kwa asilimia 24. Maelezo yanayoeleweka zaidi ni kwamba zamani baadhi ya waliohesabiwa wafu walikuwa hai wakisubiri hewa. Sasa mpe mkunga lengo la "vifo vya watoto wachanga visizidi kadhaa", ulifungamanishe na alama zake za mwaka, na umefungua mlango wa kuhamisha mtoto kutoka safu moja ya rejesta kwenda nyingine kwa kalamu tu. Ni kama kocha anayemwambia kipa asifungwe, halafu anamwachia yeye ubao wa kuandika mabao. Lengo la mtu mmoja liwe juu ya kile ambacho mikono yake inafanya, na liandikwe na mtu mwingine.

Baada ya lengo zinakuja nyenzo, na hapa mipango huwa na uongo wa kimya kimya. Watu huandika "fedha za mafunzo" bila kiasi wala anayetoa. Mkunga wetu anaandika vitu vinavyoshikika: mwanasesere, ambaye hospitali ya wilaya imekubali kumwazima kituo hadi Desemba, mfuko wa hewa wa mazoezi ulio tofauti na ule wa watoto, saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, kwa sababu iliyopo ilisimama zamani, dakika tano za kupokezana zamu, mara tatu kwa wiki, na mkunga mzoefu mmoja wa kumtazama na kumsahihisha mkono. Mbele ya kila kimoja anaandika jina la mhusika na tarehe. Kati ya vyote, kilicho adimu zaidi si saa wala mwanasesere. Ni zile dakika tano, maana wakati wa kupokezana zamu kila mtu anataka kurudi nyumbani. Mfawidhi anakubali zihesabiwe kuwa sehemu ya makabidhiano, na anaandika hivyo kwenye ubao wa wodi. Bila kibali hicho cha maandishi mazoezi yangekufa wiki ya pili.

Kuna kabati pia. Mfuko wa mazoezi uliwekwa humo, ufunguo akawa nao mfawidhi, na mfawidhi hutoka saa tisa na nusu alasiri. Kwa hiyo zamu za usiku hazikufanya mazoezi hata mara moja katika wiki tatu za mwanzo. Hakuna aliyekataa, hakuna aliyelalamika. Ila daftari lilikuwa tupu kwa usiku wote. Ndiyo faida ya daftari.

Daftari lenyewe ni kaunta buku ya kawaida iliyopigwa mistari mitano: tarehe na saa, sekunde, kifua kimeinuka kwa hewa ya kwanza au hapana, kosa lililoonekana, na sahihi ya aliyetazama. Huo ndio ushahidi wake mkuu. Anayejipima mwenyewe na kujisainia mwenyewe hana ushahidi, ana kumbukumbu tu. Ushahidi wa pili ni mafaili ya watoto halisi, lakini hapa pana mpaka. Mafaili ni ya wagonjwa. Hayapigwi picha kwa simu na kuwekwa kwenye jalada la mtumishi, na jina la mama halinakiliwi popote. Mfawidhi anayapitia mwenyewe kila mwisho wa mwezi na kuandika mstari mmoja: watoto wangapi walipewa hewa, wangapi wameandikiwa muda, muda ulikuwa kiasi gani. Cheti cha semina, kama kitapatikana, kinaingia kwenye jalada kwa ajili ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo hudai mafunzo endelevu wakati wa kuhuisha leseni. Kina kazi yake huko, lakini hakithibitishi sekunde.

Muda nao si tarehe moja ya mwisho. Tarehe 20 Desemba ikiwa peke yake, kazi yote itafanywa kuanzia tarehe 10. Wanaweka kituo cha kati: katikati ya Agosti, wiki ya sita, waangalie daftari pamoja. Wanaandika pia mapema kitakachotokea mkunga akihamishwa wodi, jambo la kawaida kabisa katika kituo kidogo.

Julai inapoisha, wastani umeshuka hadi sekunde 70. Mfawidhi anatabasamu, lakini ukitazama vizuri, karibu sekunde zote zilizookolewa ni za kabatini. Mfuko sasa uko mezani. Mkono bado. Mtu asiyetenganisha sababu angesema mazoezi yanafanya kazi na kuendelea vile vile. Wao wanaona safu ya makosa: "barakoa inavuja chini ya kidevu", mara nyingi, karibu kila ukurasa. Kwa hiyo kikao cha Agosti hakijadili bidii. Kinajadili kidole gumba na kidole cha shahada vinakaa wapi juu ya barakoa, na vidole vingine vinavyonyanyua taya kuifuata barakoa badala ya barakoa kuukandamiza uso. Mkunga mzoefu anakaa naye zamu mbili. Katikati ya Septemba majaribio mengi yanaangukia kati ya sekunde 50 na 65.

Kisha anahamishiwa kliniki ya watoto kwa mwezi mzima, na daftari linanyamaza. Wakati kama huo kishawishi ni kurudi nyuma na kujaza tarehe, mwandiko mmoja, wino mmoja, sekunde zinazopungua vizuri kila siku. Msimamizi aliyewahi kuona daftari la kweli hatadanganyika, kwa sababu la kweli huwa na vurugu: sekunde 52 leo, 71 kesho, kurasa zenye alama za maji, sahihi za watu tofauti. Mkunga wetu anaandika tu "kliniki, Oktoba", na mpango unasema kile kilichokubaliwa mapema, kwamba akirudi atapimwa upya kabla ya kuendelea. Anapimwa: wastani sekunde 74. Mwezi mmoja bila mazoezi umemrudisha nyuma. Ndivyo ustadi wa mkono unaotumika mara chache ulivyo, na ndiyo sababu Haydom waliona mazoezi ya kila wiki yakifanya kile ambacho siku moja ya semina haikufanya.

Desemba majaribio kumi yanafanyika. Manane yanafaulu, mawili yanashindwa. Kwa herufi ya lengo, hakufikia. Mfumo usio na subira ungeandika "hakufikia lengo" na kufunga ukurasa, lakini daftari linaonyesha kwamba majaribio yote mawili yaliyoshindwa yalikuwa ya usiku, na yote yalitumia mfuko ule ule wa pili wa mazoezi. Mfawidhi anauchukua, anakandamiza barakoa kwenye kiganja chake na kubonyeza kwa nguvu. Mfuko ulio mzima, hewa inabanwa mpaka vali ya kutolea shinikizo inafunguka na kusikika. Huu hausikiki chochote. Hewa inatoka kimya kupitia ufa kwenye maungio. Mikono ya mkunga ilikuwa sawa.

Kwa watoto halisi, katika miezi yake mitano wodini amezalisha akina mama 112 na kuwapa hewa watoto watano. Wanne wameandikiwa muda: sekunde 50, 55, 60 na 70. Wa tano hakuandikiwa. Ilikuwa usiku, mkunga peke yake, mama akivuja damu. Mfawidhi hakubali kuchora mstari wa maendeleo kwa namba nne, na yuko sahihi. Anachoweza kusema ni kwamba Juni hapakuwa na muda wowote ulioandikwa, na sasa kuna wanne kati ya watano. Tena kuna swali jipya ambalo daftari la mazoezi lisingelileta: zamu ya mtu mmoja usiku, nani aangalie saa?

Swali hilo halijibiwi na mpango wa mkunga. Linahamia kwenye mpango wa mfawidhi mwenyewe, pamoja na ukaguzi wa mifuko yote kila Jumatatu kwa kiganja, na maombi ya barakoa za akiba kwa mganga mfawidhi. Katika mapitio ya nusu mwaka, mkunga anabaki na mistari miwili. Ajaribiwe tena mara kumi kabla ya mwisho wa Februari kwa mfuko mzima. Na aendelee na zoezi moja kila wiki hadi Juni, safari hii yeye ndiye akishika saa kwa wauguzi wawili wapya, kila mmoja akianza na majaribio matano ya kujua alipo.